Wimbo wa Ukurasa wa Kwanza

Karatasi ile aliiweka katika mkoba wa ngozi ya mbuzi, pamoja na sindano ya kushonea viatu na kipande cha chumvi ya kulamba. Karatasi ya mtihani wa mwaka uliotangulia, ule alioanguka. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo ilianza kukatika. Mtu mwingine angeiwashia moto. Yeye aliitunza kama talaka.

Namwita kaka, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Yeye Mrangi wa Kondoa, mimi Mgogo wa upande wa Mvumi, na benchi la nyuma la shule ya serikali ya Dodoma ndilo lililotufanya ndugu. Umri wake ulipita thelathini, ana mke na binti mdogo huko kwao, na goti la kushoto lililoharibika kwa miaka ya upagazi. Reli ilipofika Dodoma upagazi ukafa, na boma lilipotaka kila jumbe atoe mtu mmoja wa kusomeshwa ukarani, jumbe wake akamficha mwanawe ghalani akamtoa yeye. "Nilipelekwa shule kama watu wanavyopeleka mbuzi wa kodi," alikuwa akisema, na anacheka.

Mimi nilikwenda kwa hiari yangu. Nilikuwa na ndoto, bwana! Nilijiona nimevaa koti jeupe na viatu, nimekaa nyuma ya meza ya boma, wazee wa kwetu wananisubiri nje na fimbo zao, nami natoka nawaamkia shikamoo kwa adabu ili waseme, tazameni, hajabadilika. Ndoto hiyo nililala nayo, nikaamka nayo, na hata tulipokula ugali wa uwele wenye mchanga niliona nakula biriani.

Sheria ya shule ilikuwa hivi. Mtihani wa ukarani ulifanywa mara moja kwa mwaka, na mtu alipewa nafasi mbili. Akianguka mara ya pili, jina lake linapelekwa bomani, naye anatiwa katika kundi la kuponda kokoto za reli. Tuliwaona kila siku. Walikaa juani kando ya njia ya gari la moshi, jiwe mbele, nyundo mkononi, na nyuma yao askari mwenye kiboko. Goti la kaka lisingeweza kukaa vile siku kumi. Alijua, nami nilijua, na darasa zima lilijua.

Na darasa halikuwa na huruma. Vijana walimwita Babu. Akiingia, mmoja anapiga kelele, "Simameni, babu anakuja kuchukua mahari!" Mwingine anadakia, "Babu, mwaka huu utaandika tena mpaka wino uishe?" Hilo la wino lilikuwa na kisa chake. Mwaka ule alioanguka, mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na ulimi mchafu, alimsimamisha mbele akamrushia usoni majibu yake. "Huyu," akasema, "ameijaza karatasi ya serikali kwa upuuzi. Maswali sita ya hesabu, sita! Kama nzige." Kisha akampiga viboko kumi, akamwambia ashukuru si hamsa ishirini, vile ishirini na vitano vya serikali. Kaka alishukuru. Nasema kweli, alisema, "Ahsante, mwalimu," na watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Basi miezi mitano kabla ya mtihani wetu, siku ya mapumziko, tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta wa bweni, upepo unatupa vumbi. Nilikuwa namfundisha kugawanya, au tuseme nilidhani namfundisha. Nilimpa hesabu: magunia mia mbili themanini na nane kwa punda kumi na wawili. Akaifanya haraka, ishirini na nne, sawasawa kabisa. Kisha akaitazama, akaifuta, akaanza kuifanya kwa njia nyingine, ya ajabu, akapata thelathini na moja.

"Kaka, ile ya kwanza ilikuwa sawa."

"Haikuwa sawa."

"Ishirini na nne mara kumi na mbili ni ngapi?"

"Mdogo wangu, usinichezee. Njia ile niliifanya mwaka jana. Ilipigwa mstari."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya maswali, na ndani yake karatasi za majibu yake mwenyewe, zile alizorushiwa usoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona. Hesabu tatu za mwanzo zilikuwa na alama ndogo ndogo, tatu, mbili, tatu. Hizo alikosea kweli. Lakini hesabu ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa na mstari mwekundu uliopita kutoka pembe hadi pembe. Nikazifanya upya mchangani kwa kijiti. Zote tatu zilikuwa sahihi. Hata tarakimu ya mwisho.

Miezi saba alikuwa akijifunza kukosea. Aliona njia yake iliyo sawa imepigwa mstari, akaamini ni mbaya, akaitupa. Kila jioni alikaa peke yake akitafuta njia nyingine ya kugawanya, njia ambayo haipo duniani.

"Sasa kwa nini walizipiga mstari?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Sikujua. Nikachukua karatasi ya maswali. Sote darasani tulipopewa karatasi ya zamani tulirukia maswali, kama watu wenye njaa wanavyorukia sufuria. Ukurasa wa kwanza, ule uliochapwa maneno mengi bila swali lolote, tuliuona kama kifuniko tu. Siku ile nikausoma. Ulikuwa na vifungu saba. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, yeye ameinama begani kwangu.

Muda ni saa tatu. Karatasi ina sehemu tatu. Alama zote ni mia. Sehemu ya kwanza, barua na maandishi, alama arobaini: jibu maswali yote. Sehemu ya pili, hesabu, alama thelathini: chagua maswali matatu kati ya sita. Sehemu ya tatu, nchi na serikali, alama thelathini: chagua maswali mawili kati ya matano. Kisha kifungu cha tano: "Mtu akijibu maswali kupita idadi aliyoambiwa, yatasomwa yale aliyoyaandika kwanza. Yanayozidi yatapigwa mstari wala hayatapewa alama."

Nilikisoma mara moja. Sikukisoma tena, maana kaka alikuwa ameshaondoka begani kwangu. Alikuwa amekaa chini, mguu mbovu umenyooka, anatazama mstari wake mwekundu.

"Kumbe hawakuzisoma," akasema.

"Hawakuzisoma."

"Zilikuwa sawa."

"Sawa kabisa, kaka."

"Na vile viboko?"

Nikarudisha kidole kwenye ukurasa. Na ubaya haukuishia hapo. Kwa kuhangaika na hesabu sita, muda ulimwishia, sehemu ya tatu akaandika nusu ya jibu moja. Na kifungu cha sita kilisema: "Asiyepata theluthi ya alama za sehemu yoyote hakufaulu, hata kama jumla yake inapita hamsini." Hesabu alipata nane kati ya thelathini. Kumi zilihitajika. Angalichagua tatu zile za mwisho tu, akaziacha za mwanzo, angalizoa thelathini zote na muda ungalibaki.

Mtu mwingine angalilia. Kaka alicheka, kicheko kirefu kibaya, kisha akasema, "Mdogo wangu, nifundishe ukurasa huu. Hesabu nazijua."

Basi tukaanza. Sijawahi kusoma kitu kwa bidii kama nilivyosoma ukurasa ule. Tuligundua kwamba mwisho wa kila swali, kwenye mabano, palikuwa na namba ndogo, nayo ndiyo alama ya swali. Barua, ishirini. Kufupisha tangazo, kumi. Maana ya maneno, kumi. Jumla arobaini, ndiyo sehemu ya kwanza. Kila hesabu kumi, kila swali la nchi kumi na tano. Tukagundua kwamba alama zinapima muda pia. Msimamizi hupiga kengele kila nusu saa, kengele sita kwa jumla, na alama ni mia. Kila kengele ina alama kumi na sita na ushei. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ni kengele mbili na nusu kasoro kidogo, hesabu chini ya kengele mbili, na nchi vivyo hivyo. Anayekaa na swali la alama kumi kengele nzima anajiibia mwenyewe. Tukagundua, zaidi ya yote, kwamba kabla ya kuchagua lazima usome maswali yote ya sehemu, na ulijualo vizuri uliandike la kwanza.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, nalo nililifanya kwa furaha tele.

Kaka alikuwa na shida ya kukumbuka maandishi. Lakini miaka ya upagazi ilimfundisha kukumbuka wimbo. Wapagazi huhesabu njia kwa kuimba. Na mimi kwetu, nani asiyeimba? Nikauchukua ukurasa wa kwanza nikautia katika mdundo wa ngoma ya kwetu, ule wa mavuno, shingo inakwenda mbele na nyuma:

Ya kwanza yote, usiache hata moja,
Ya pili tatu, usizidishe hata moja,
Ya tatu mbili, uzipendazo mbili,
Theluthi, theluthi, kila chungu kitiwe.

Tuliuimba tukichota maji kisimani. Tuliuimba tukitembea kwenda upande wa Kikuyu, kando ya mji, kutafuta kuni. Alikuwa akiuimba anaponyoa ndevu. Goti likimuuma aliuimba polepole, likipoa anauimba mbio. Na alibadilika, wallahi. Aliacha ile njia yake ya kishetani ya kugawanya. Vijana wakimwita Babu anawajibu, "Naam, wajukuu, mmekula?" Nami nilijiona mwalimu mkubwa. Kwenye ndoto zangu za usiku nilianza kuweka meza mbili bomani, yangu na yake.

Siku ya kuamkia mtihani nilimpa ushauri wa mwisho. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka yote, "Kaka, kesho usipoteze muda kusoma ukurasa wa kwanza. Unao kichwani. Ufunue, ingia kwenye maswali. Dakika zile zitakufaa kwenye hesabu."

"Neno lako ndilo," akasema.

Asubuhi tukaingia ishirini na mmoja. Nafasi za ukarani zilikuwa sita, na watakaofaulu wangechukuliwa kwa kufuata jumla ya alama, mwenye nyingi kwanza. Bwana mkubwa wa elimu alikuwa amekuja kwa gari la moshi akaketi pembeni, miguu juu ya sanduku, anajipepea kwa kofia. Mwalimu wa pwani ndiye aliyesimamia. Kaka alikaa benchi mbili mbele yangu. Karatasi zikagawiwa. Nikamwona anaupindua ukurasa wa kwanza bila kuutazama, anaulaza chini ya kichupa chake cha wino. Shingo yake ikaanza kwenda mbele na nyuma, kidogo sana. Alikuwa anaimba kimoyomoyo. Nikafurahi.

Mimi mwenyewe nilishindwa kuanza. Niliichovya kalamu, nikaifuta, nikaichovya tena. Nikasema, ngoja nisome ukurasa wa kwanza, naujua, utanituliza. Nikausoma kama mtu anavyousoma wimbo wa kwao. Cha kwanza kile kile. Cha pili kile kile. Cha tatu kile kile. Cha nne:

"Sehemu ya tatu ina mafungu mawili, Nchi na Kazi za Karani. Chagua maswali mawili, moja kutoka kila fungu. Swali la pili kutoka fungu moja halitasomwa."

Nikafunua kutazama. Kweli. Mwaka uliopita maswali matano yalikuwa yamepangwa pamoja. Safari hii yalikuwa sita, matatu kwa matatu, na katikati yao palikuwa na nafasi nyeupe tu na kichwa kidogo cha habari. Mtu anayetafuta "mbili uzipendazo" asingeliona tofauti. Na fungu la Nchi lilikuwa na swali la vituo vya njia kutoka Dodoma hadi pwani, na lingine la mazao na vyakula vya wilaya zetu. Mpagazi wa Kondoa, miongoni mwa watu wote, angeyarukaje hayo?

Nilikohoa. Kaka akajikuna sikio.

Nikakohoa tena. Mwalimu akanitazama. "Wewe, una pepo?" Watu wakacheka chinichini.

"Hapana, mwalimu."

Kifungu cha saba kilikuwa kile kile: atakayesema na mwenzake atatolewa, yeye na huyo mwenzake. Nikijisemea hilo leo, nauona mlango mzuri wa kutokea lawamani. Sikusema kwa sababu ningemtoa yeye pia. Mlango mzuri, lakini siyo sababu yenyewe. Kabla kengele ya kwanza haijapigwa, mwalimu alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Mwenye swali juu ya maagizo aulize sasa. Baada ya hapa nisisikie mtu."

Ruhusa ile ilitolewa bure, mbele ya bwana mkubwa. Ningeinua mkono tu. Ningesema, "Mwalimu, kifungu cha nne, ni moja kutoka kila fungu?" Angejibu ndiyo, ningekaa, na darasa zima lingesikia. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Nikatazama benchi za mbele. Nikaona kurasa za kwanza zimepinduliwa, moja, mbili, nane, kumi. Wote wamerukia sufuria. Nikakumbuka nafasi ni sita. Nikakumbuka koti jeupe.

Mkono haukuinuka. Mwalimu akahesabu moyoni labda hadi tano, akaketi.

Mstari huo, kwamba mkono haukuinuka, nimeuandika na kuukata mara kadhaa. Nauacha sasa.

Siku ya majibu tulipangwa uwanjani, jua la saa sita. Mwalimu alisoma alama za kila mtu kwa jina, sehemu kwa sehemu, kwa sauti, kusudi aibu isimpite mtu. Wengi walianguka sehemu ya tatu, na kila mmoja alipoanguka wenzake walizomea. Zamu ya kaka ikafika.

"Sehemu ya kwanza, thelathini na moja." Hakuna aliyezomea.

"Sehemu ya pili, ishirini na saba." Mtu mmoja akapiga mluzi. Ilikuwa alama ya juu kuliko zote za hesabu. Kaka alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, na mkono wake wa kulia unagonga paja taratibu. Nilijua ni mdundo gani.

"Sehemu ya tatu." Mwalimu akatulia. Alipenda kutulia. "Swali la njia ya pwani, tisa. Serikali inauliza vituo vya reli, yeye anatuandikia visima na mahali pa kulala wapagazi. Swali la mazao, kurasa tatu nzima, mwandiko mzuri sana." Akaliinua juu tulione. Mstari mwekundu, pembe hadi pembe. "Halikusomwa. Tisa kati ya thelathini. Theluthi ni kumi. Jumla sitini na saba, na hakufaulu."

Kicheko kilivyoanza sitakisahau. "Babu na mistari yake!" "Babu, unashona nguo?" Hata bwana mkubwa, alipofasiriwa maneno hayo, alitabasamu kidogo chini ya kofia.

Kisha jina langu. Ishirini na sita. Kumi na nane. Kumi na nne. Jumla hamsini na nane, nimefaulu, wa sita kati ya sita. Aliye chini yangu alikuwa amekosa kwa mbali. Na kaka, yule wa sitini na saba, alama moja ya sehemu ya tatu ingaliongezeka, angalikuwa wa tatu, nami ningalikuwa wa saba. Watu wakanipiga mgongoni. Nilicheka nao, maana uso wangu umezoea kucheka.

Kaka alinikuta nyuma ya bweni, pale pale ukutani. Alikuwa na karatasi yake ya maswali mkononi, ukurasa wa kwanza juu. Alikuwa ameusoma sasa, kwa kidole, naona, maana palikuwa na alama ya jasho kwenye kifungu cha nne.

"Wamebadilisha," akasema.

"Wamebadilisha, kaka."

"Nasi tuliimba wa mwaka jana."

"Kosa langu. Nilikwambia usiusome. Kosa langu, kaka, nisamehe."

Akaikunja karatasi yake. Kwa kweli hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu na hataki kuifuta. "Nionyeshe majibu yako."

"Ya nini tena?"

"Nionyeshe tu."

Nikampa. Akafunua mpaka sehemu ya tatu. Jibu moja la milima na mito, alama saba. Jibu moja la kazi ya kupeleka barua za boma, alama saba. Moja na moja. Akaweka kidole kwenye la kwanza, kisha kwenye la pili, kisha akazikunja karatasi zangu vizuri kuliko nilivyozikunja mimi, akanirudishia.

"Wewe uliusoma," akasema.

Nikazitia karatasi zangu mfukoni.

"Kikohozi kile," akasema. "Nilidhani ni vumbi." Akainuka kwa kushika ukuta. "Alipouliza nani ana swali, ulikuwa umeshausoma?"

Ningeweza kusema hapana. Midomo ilifunguka kusema hapana. "Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi, akaenda zake akivuta mguu. Usiku ule nilimngoja kitandani kwake nimwombe msamaha. Alikuja, akalala, akageukia ukutani.

Baada ya juma moja nilivaa koti jeupe. Lilikuwa la karani aliyehamishwa, mikono mirefu, lakini jeupe. Wazee wa kwetu hawakuwapo nje. Nje palikuwa na foleni ya watu wa kokoto, wameketi mchangani, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwaandikisha. Kila mtu anakuja mezani, namwandika kwenye karatasi iliyochapwa, anaweka alama yake ya kidole, anapita. Askari alisimama mlangoni akiwahimiza kwa kiatu.

Niliona mguu wake kabla ya uso wake.

"Shikamoo, kaka," nikasema. Ilinitoka tu.

"Marahaba, bwana karani."

Askari akacheka. "Huyu ni ndugu yako? Basi mpe nyundo nzuri." Akamsukuma. "Tia kidole, upesi."

"Najua kuandika," kaka akasema. "Nitatia sahihi." Akachukua kalamu yangu, akaichovya vizuri, akaifuta ncha kwenye mdomo wa kichupa kama tulivyofundishwa. Kisha akaiweka chini. Akaigeuza karatasi kuelekea kwangu, akaweka kidole juu kabisa, kwenye yale maneno madogo yaliyochapwa juu ya mistari ya majina, ambayo kwa watu thelathini niliokwisha kuwaandika sikuwa nimeyatazama.

"Nisomee maagizo kwanza," akasema.

"Kaka, wewe unasoma kuliko..."

"Nisomee wewe."

Askari akapiga kiboko mguuni mwake mwenyewe, akangoja, kwa kuwa lilimfurahisha. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Kazi ni miezi mitatu. Mtu akikosa siku moja, siku mbili zinaongezwa. Mtu akitoroka, atatafutwa ndugu yake. Mgonjwa asipeleke shauri lake kwa karani, apeleke kwa msimamizi wa kazi. Hapakuwa na neno la goti. Nililitafuta, nalisema kwa haki, nilisoma polepole nikilitafuta, hata kwenye maandishi madogo ya chini. Halikuwapo.

"Yamekwisha?" akauliza.

"Yamekwisha."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kutoka juu. Aliponisikia nimefika mwisho akachukua kalamu, akatia sahihi kwa mwandiko ule wa kurasa tatu ambazo hazikusomwa, akasimama pembeni ili anayefuata apite. Yule aliyemfuata alikuwa amesikia yote. Alikuwa mzee wa kwetu, Mgogo, mwenye masikio yaliyotobolewa. Alikishikilia kidole chake chenye wino hewani, hakukishusha.

"Na mimi," akasema. "Nisomee."